Bata mwenye miguu minne: maana za maneno zimekaa wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi mbele ya walimu na wanafunzi wa isimu ya Kiswahili. Wengi walikwama njiani kwa mvua, wakaniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Zile zilizokuwa za lazima nimezieleza kwa maneno.

Bwana mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nanyi mlioingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi na humu ndani kuna feni: habari za asubuhi.

Nianze na baba yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Alikuwa mvuvi, kwetu Kilwa. Miaka yake ya mwisho nilikuwa nikienda kumsalimia tunakaa barazani, na katika saa moja ataniuliza mara nne: "Umefika lini, mwanangu?" Namjibu, jana jioni, baba. Anamshukuru Mungu, anaulizia safari, tunaingia mazungumzo mengine, kisha: "Umefika lini, mwanangu?" Chai aliyokunywa asubuhi ilikuwa imeshafutika. Siku moja nikasema, kwa ujuaji wangu wa chuoni, kwamba wale vijana kule ufukweni wanavuta jarife. Akanigeukia kama niliyemtukana. "Lile juya! Jarife linategwa, samaki anajinasa mwenyewe. La kuvutwa mpaka nchi kavu ni juya." Akaendelea mpaka kwenye jahazi: foromali, henza, demani, kila mti na kila kamba na kazi yake. Halafu akanyamaza, akaniangalia kwa upendo: "Umefika lini, mwanangu?"

Nawauliza walimu: neno "juya" lilikuwa limekaa wapi katika kichwa kile? Sisi wa isimu tuna jibu letu la haraka, tunasema limo katika leksikoni ya akilini, tunageuza ukurasa. Lakini hiyo leksikoni ni kitu gani? Je, maana ya "juya" ni zile siku alizovuta juya, zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni? Kama ndivyo, siku zikipotea, maana nayo ingepotea.

Mtu makini ataniambia: ngoja, mzee alipoteza ya jana, siku za ujana wake bado alikuwa nazo. Kweli kabisa. Maradhi ya Alzaima ndivyo yanavyoanza, yanakula ya karibuni kwanza, na ya zamani yanabaki kwa muda. Na yakishakomaa hugusa hata maneno. Kwa hiyo baba mkubwa hatoshi kuwa ushahidi. Tunahitaji mtu aliyepoteza siku zote, za jana na za utotoni.

Mtu huyo alikuwepo. Aliishi karibu na Toronto, Kanada, jina lake Kent Cochrane, na kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu, K.C. Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 30, alianguka na pikipiki akaumia vibaya ubongoni. Alipopona, alizungumza vizuri, alisoma, alicheza sataranji. Lakini hakuwa na kumbukumbu ya tukio hata moja la maisha yake. Sisemi matukio ya wiki iliyopita. Sisemi matukio baada ya ajali. Hata moja. Alijua kwamba familia yake ina nyumba ya mapumziko na alijua iko wapi, ila hakuweza kukumbuka siku moja aliyolala humo. Alijua kwamba ndugu yake amefariki, lakini hakukumbuka alikuwa wapi alipopewa habari, wala alijisikiaje. Alijua anajua sataranji. Mchezo mmoja aliowahi kucheza hakuukumbuka.

Aliyemchunguza kwa miaka mingi ni Endel Tulving, mwanasaikolojia ambaye mwaka 1972 alikuwa ameshapendekeza kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Kuna kumbukumbu ya matukio, ile ya "nilikuwepo": mahali, saa, nani alisema nini. Na kuna kumbukumbu ya maana: kwamba maji yanachemka, kwamba Nairobi ni mji, kwamba juya linavutwa. Ya kwanza ina tarehe. Ya pili haina. Hebu jaribuni sasa hivi: nani kati yenu anakumbuka siku aliyojifunza neno "kijiko"?

Hakuna mkono. Nilitegemea hivyo. Kwa neno "kijiko" sisi sote humu ndani ni K.C.

Basi hapo tumepata nusu ya hoja. Siku zinaweza kufutika zote, maana zikabaki. Kinachovunjika kwa watu wa namna hii, kwa sehemu kubwa, ni kijisehemu kimoja kilichojipinda ndani kabisa ya ubongo, upande wa panjani, kulia kimoja na kushoto kimoja. Kinaitwa hipokampasi. Mtu aliyetufundisha hilo ni Henry Molaison, Mmarekani, ambaye mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji ili kutuliza kifafa kilichokuwa kimemshinda. Daktari alitoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili pamoja na nyama ya ubongo iliyoizunguka. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile mpaka kufa kwake mwaka 2008, kila mtu mpya aliyekutana naye alibaki mgeni, hata Brenda Milner, mtafiti aliyemfuatilia miaka na miaka.

Kwetu sisi wa lugha, la Molaison lenye utamu ni hili: alikuwa mpenzi wa fumbo la maneno la gazetini. Kila siku kalamu mkononi. Maneno yake ya kabla ya 1953 yalikuwa salama. Ila maneno yaliyozaliwa katika Kiingereza baada ya 1953 mengi hayakumwingia, na watafiti walipojaribu kumfundisha maneno machache mapya kwa kurudia na kurudia, ilikuwa kama kumwaga maji juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo hipokampasi si ghala la maana, maana za zamani zilibaki bila yake. Lakini inaonekana ndiyo mlango.

Mlango wa lazima? Hapo pana mvutano mpaka leo. Mwaka 1997 huko London, Faraneh Vargha-Khadem na wenzake walieleza habari za vijana watatu walioumia hipokampasi wakiwa wadogo, mmoja tangu kuzaliwa. Hawawezi kukueleza walichofanya asubuhi. Wanasahau miadi, wanapotea njia. Lakini walisoma shule za kawaida, wakajifunza kusoma, wakapata msamiati wa kutosha kabisa! Na hata K.C. mwenyewe aliweza kufundishwa mambo mapya machache, polepole mno, bila kukumbuka kwamba aliwahi kufundishwa. Kwa maoni yangu, tofauti ni kwamba Molaison alitolewa pia nyama ya jirani, na kwamba mtoto ana miaka mingi ya kurudiarudia. Mlango mkubwa ukifungwa, maana bado hupenya, tone kwa tone. Wengine wanasema tofauti. Tuendelee.

Sasa geuzeni jambo lote juu chini. Je, yupo mtu mwenye siku zake zote lakini amepoteza maana?

Yupo. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mwaka 1975, pale London, Elizabeth Warrington aliandika habari za wagonjwa watatu ambao waliona vizuri, walisikia vizuri, walizungumza kwa sarufi safi, lakini walikuwa wanapoteza maana za vitu. Mwaka 1989 Julie Snowden na wenzake wa Manchester wakaupa ugonjwa huo jina ambalo kwa Kiswahili nitaliita demensia ya kimaana. Miaka mitatu baadaye John Hodges na Karalyn Patterson, wakiwa Cambridge, na wenzao wakaeleza wagonjwa watano kwa undani. Wenyewe hawakuwa wa kwanza kuuona. Arnold Pick wa Prague alikuwa ameshaandika juu ya mgonjwa wa aina hiyo mwaka 1892.

Mgonjwa huyu huanza mara nyingi kabla ya miaka 65. Anakuja kliniki peke yake, kwa wakati, na karatasi yake ya miadi mfukoni. Anakwambia mara ya mwisho ulivaa shati jingine. Hesabu za duka anapiga. Ila mazungumzo yake yamejaa "kile kitu", "pale mahali", "nanihii". Wenzangu, "nanihii" sote tunalo, msianze kuogopa. Sisi tunasema nanihii huku neno tunalijua: limetutoka tu, ukinitajia mwanzo wake nalidaka. Nikikwama kwenye "kinu" ukaniambia "ki...", nalipata. Mgonjwa wa demensia ya kimaana umpe "ki...", umpe neno lote, umpe "kinu" kamili. Atakutazama, atalitamka vizuri sana, kisha atauliza: "Kinu? Kinu ni nini?"

Swali hilo ndilo la kusikiliza. Mtu mzima, aliyekulia lugha hiyo, anauliza maana ya neno alilolitumia miaka 50, na analitamka bila kosa. Sauti ipo. Sarufi ipo. Ndani hamna kitu, kama dafu lililokwisha kunywewa.

Msije mkadhani kwamba kilichopotea ni neno. Hilo ndilo kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya nilipoanza kusoma mambo haya. Nilidhani ni kamusi iliyochanika kurasa. Kilichonibadilisha ni mchoro wa bata.

Watafiti hao wa Uingereza walimpa mgonjwa picha ya bata, wakamwambia ainakili huku anaiangalia. Akainakili vizuri: mdomo, bawa, miguu miwili. Wakaiondoa picha. Wakasubiri sekunde chache, kisha wakamwambia achore tena kutoka kichwani. Akachora bata mwenye miguu minne.

Tulieni hapo kidogo. Hakuna aliyetamka neno. Hakuna aliyeulizwa jina. Mkono ni mzima, macho ni mazima, na sekunde zilizopita ni chache kuliko za kumeza mate. Miguu minne imetoka wapi? Imetoka kwa wanyama wengine. Mbwa ana minne, ng'ombe ana minne, punda ana minne. Lile lililo la wengi limemfunika yule mmoja aliye tofauti. Ngamia naye huchorwa bila nundu, kwa sababu hiyo hiyo: nundu ni yake peke yake, na cha mtu peke yake ndicho kinachoondoka kwanza.

Mfuateni sasa mgonjwa mwingine, waliyemwita J.L. Walimwonyesha picha zilezile mara nne, kila baada ya miezi 6, kuanzia Septemba 1991 hadi Machi 1993. Nawasomea majibu yake kwa picha tatu tu. Picha ya bata: mara ya kwanza akasema bata. Mara ya pili akasema ndege. Mara ya tatu, ndege. Mara ya nne, mbwa. Picha ya tai: bata, ndege, ndege, farasi. Picha ya tausi: bata, ndege, paka, na mara ya mwisho akasema ni chombo cha kusafiria.

Mnaona ngazi? Kwanza anampa ndege mgeni jina la ndege aliyezoeleka, bata. Kisha anapanda juu, anasema jina la kundi zima. Kisha kundi lenyewe linalegea, anashika mnyama yeyote wa kawaida, mbwa, paka, farasi. Mwisho hata "mnyama" hapashikiki. (Kwa bahati J.L. alizungumza Kiingereza. Angekuwa Mswahili akasema "ndege", tungeanza kubishana kama anamaanisha wa Precision Air.)

Fikirini sasa. Kama maana zingewekwa kama kadi katika sanduku, neno moja kadi moja, ugonjwa ungechomoa kadi ovyo: leo tausi, kesho kijiko, na kila kadi iliyobaki ingekuwa nzima. Hatuoni hivyo. Tunaona picha nzima ikififia pamoja, vitu vilivyo karibu kimaana vikiungana kwanza, kama mtu anayetazama pwani akiwa kwenye boti inayoondoka: kwanza huwezi kutofautisha mnazi na mnazi, kisha unaona miti, kisha unaona nchi kavu. Hicho ndicho ugonjwa huu unachotuambia kuhusu maana. Maana ya "tausi" haina chumba chake. Ni mahali tausi alipo kati ya ndege wengine, wanyama wengine, vitu vyote, na ukilegeza mahali hapo tausi anateleza kwa jirani.

Na mahali hapo ni pamoja kwa milango yote ya fahamu. Mgonjwa anayekwama kwenye jina hukwama pia kwenye picha, kwenye sauti ya mnyama, kwenye kujua kitu kinatumikaje. Kipo kipimo maarufu cha picha tupu, bila maneno: unaonyeshwa piramidi, chini kuna mtende na msonobari, na unachagua ipi inaendana na piramidi. Kwa wazee wetu msonobari hauna maana, kwa hiyo mimi huwaeleza wanafunzi wangu mfano wa nyumbani. Chora mbuzi. Mbuzi gani? Ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Chini yake chora nazi na nanasi. Wewe hukufikiria hata nukta. Sasa, mtu asiyepata neno "mbuzi" lakini anaonyesha nazi mara moja, shida yake ni jina. Asiyejua achague lipi, au anachagua nanasi kwa sababu rangi yamfurahisha, shida yake ni maana. Kipimo cha sekunde tatu, na kinatenganisha magonjwa mawili.

Ukipiga picha ya ubongo wa mgonjwa huyu, kilichosinyaa ni ncha ya mbele ya pande la panjani, pande zote mbili, mara nyingi kushoto zaidi. Kina Patterson, Lambon Ralph na wenzao wanasema hapo ndipo kwenye kitovu. Rangi imekaa kwake, umbo kwake, sauti kwake, namna ya kushika kwake, zimetawanyika ubongo mzima. Kitovu ndicho kinachozikusanya ziwe "tausi". Kuna waliopinga wakisema: mbona mashine za sumaku zikipiga picha ubongo wa watu wazima wenye afya hatuoni ncha hiyo ikiwaka? Jibu lilikuwa la kifundi zaidi kuliko la kinadharia. Ncha hiyo iko jirani na mianya ya hewa ya usoni na masikioni, na hewa huvuruga sumaku, kwa hiyo picha ya pale hufifia. Mwaka 2007 kundi la Manchester likapita njia nyingine: waliigusa ncha hiyo kwa mapigo ya sumaku kwa watu wazima wenye afya, na watu hao wakawa wazito kidogo kuchagua visawe, huku kazi ya namba ikibaki kama kawaida. Kwa dakika chache, kwa kiasi kidogo sana, mtu mzima akaonja alichokionja J.L.

Nikiwaachia hapo mtaondoka na picha nzuri kupita kiasi: chumba cha matukio huku, chumba cha maana kule, ukuta katikati. Ukuta huo una matundu, na matundu yake ni ya kufurahisha.

Tundu la kwanza ni vitu vya mtu mwenyewe. Mgonjwa wa demensia ya kimaana ukimpa birika la hospitali, haelewi ni la nini. Mpeleke nyumbani, mbele ya birika lake mwenyewe, kwenye jiko lake mwenyewe, anachemsha maji. Birika la kila mtu limepotea, birika langu lipo. Linashikwa na siku: jana nililitumia, juzi nililitumia, lipo kushoto kwa sukari. Kumbukumbu ya matukio, ambayo kwake bado inafanya kazi, inampa maana ya muda. Ndiyo maana hata kumbukumbu zake za maisha zimegeuka kinyume na za baba mkubwa: za karibuni zina nguvu, za zamani zimefifia. Ya zamani hukaa kwa kutegemea maana, na maana ndiyo inayoliwa.

Wapo waliojaribu kupita hapo kwa makusudi. Mgonjwa mmoja, D.M., alikuwa akikaa kila siku na orodha za maneno, anakariri. Akapanda kweli, akayataja vizuri. Alipoacha mazoezi, yakamponyoka. Alikuwa ameyabeba kama mtoto wa chuo anavyobeba sura asiyoijua tafsiri yake.

Tundu la pili linahusu upimaji, na wahudumu wa afya waliopo hapa naomba wanisikilize. Onyesha mgonjwa picha ya simu. Baada ya muda mwonyeshe picha ileile kati ya nyingine, muulize: ipi uliiona? Wa demensia ya kimaana mara nyingi anapata, hata kama hajui simu ni nini. Ndiye aliyeiona, anaitambua kwa sura. Sasa badilisha: mwonyeshe simu nyingine, ya rangi nyingine na umbo jingine. Wewe na mimi tunasema "niliona simu". Yeye anaanguka, kwa sababu kinachounganisha simu ile na hii ni maana tu. Mgonjwa wa Alzaima anakwama kwenye zote mbili. Lakini nini hutokea kliniki? Mgonjwa anasomewa maneno ya kukariri, anayasahau, anaandikiwa "kumbukumbu mbovu". Kumbe hakuyasahau. Kwake zilikuwa sauti tupu, kama wewe usomewe maneno kumi ya Kifini uambiwe uyarudie baada ya chai. Na picha ya ubongo nayo inaweza kukupoteza, maana hipokampasi ya mgonjwa huyu nayo husinyaa, hasa upande wa mbele. Muulize jirani yake, si mashine: anarudi nyumbani mwenyewe? Anakumbuka nani alikuja jana? Au anauliza "kinu ni nini"?

Namaliza na jambo letu, la Kiswahili. Hili ni dhana yangu, nalitoa ili mlichune.

Kwa Kiingereza ugonjwa huu hujulikana hata kwenye kusoma. Neno linaloandikwa "pint" hutamkwa "paint", mgonjwa analisoma "pint" kama tulivyoliandika sisi, kwa sababu tahajia isiyofuata kanuni huhitaji kulijua neno lenyewe. Vitenzi visivyofuata kanuni navyo huvishwa kanuni. Wajapani nao wana herufi za kana, zinazosomeka kwa sauti, na za kanji, zinazohitaji ujue neno. Imura aliliona tatizo la kanji mwaka 1943. Sisi tahajia yetu imenyooka. Mzee wetu atasoma gazeti zima kwa sauti nzuri, wajukuu watasema babu hana tatizo, na hataelewa sentensi moja. Kipimo kile kwetu hakina meno. Tutatafuta wapi?

Mimi ningetafuta kwenye "majino" na "majicho", kwenye mtu anayesahau "njoo" akasema "kuja". Lakini zaidi ya hapo ningetafuta kwenye upatanisho. Kifaru kimefungwa kamba ya ki- mbele, sawasawa na kiti na kisu. Umbo linasema ki-. Maana inasema huyu ana roho, basi: kifaru amelala. Kiboko amelala. Kipepeo ameruka. Kila siku, bila kufikiri, maana inalishinda umbo kinywani mwetu. Sasa chukua mtu ambaye kwake "kifaru" imebaki sauti, uhai umeshatoka ndani ya neno, lakini sarufi yake ni nzima. Umbo litashinda. Atasema "kifaru kimelala", na wala hatamaanisha kifaru cha jeshi. Na kama ngazi ya J.L. ni ya kweli hata kwetu, basi kipepeo atakosewa kabla ya kifaru, na mwisho kabisa, baada ya miaka, "kijana kimelala".

Anayetaka kunipinga aanze leo. Karatasi zinapita kutoka safu ya mbele: picha kumi na mbili, nomino zote za ki-, nusu zina roho na nusu hazina. Kila mmoja aandike kitenzi tu, bila kujadiliana na jirani, na aandike umri wake pembeni. Mwalimu Mkuu, na wewe pia, tafadhali, chukua kalamu.